Mishale ya Njano

Katika pembe ya chini ya picha kulikuwa na kidole gumba. Kilikuwa cha mtawa wa Kibelgiji, aliyekuwa akibana kurasa zisijifunge wakati Bakari mpiga picha akielekeza kamera yake. Mwanahamisi alikuwa amekizoea kidole kile hata hakukiona tena. Aliitundika picha ubaoni kila mwaka, chini ya picha ya Rais, na wanafunzi wapya walipocheka na kuuliza kidole ni cha nani, aliwaambia ni cha mtu aliyekwenda zake, kisha akaendelea na somo.

Mtawa huyo aliondoka mji wa Kindu mwaka ule serikali ilipozichukua shule za misheni. Vitabu vilifungwa kwenye makasha. Mwanahamisi alikuwa amepewa madarasa ya jiografia ya sekondari karibuni tu, na hakuwa na kitabu hata kimoja. Aliomba kile cha mawe, akajibiwa kuwa ni mali ya maktaba ya watawa, ila ukurasa mmoja unaweza kupigwa picha. Yeye siku hiyo alikuwa darasani, kwa hiyo akamtuma Bakari, mwenye studio karibu na bandari. Bakari akarudi na mchoro wa safari ya miamba, akaukuza hadi ukawa na ukubwa wa sinia. Hivyo ndivyo kitabu kizima kilivyobaki kuwa karatasi moja ya rangi nyeusi na nyeupe.

Kwa karatasi hiyo alifundisha miaka yote. Mchoro ulikuwa duara. Juu palikuwa na mlima wa mwamba moto, yaani ule uliozaliwa na mawe yaliyoyeyuka kisha yakapoa: ukipoa taratibu chini ya ardhi unapata graniti yenye chembe kubwa, ukipoa haraka juu ya ardhi unapata basalti ambayo chembe zake hazionekani kwa macho. Kutoka hapo mshale mnene ulishuka: mvua, jua na mizizi vinaula mwamba, mto unabeba mchanga na tope, unavitua kwenye kina kitulivu, tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito na chumvi za majini vinavigandisha kuwa mwamba tabaka. Mshale wa pili ulizama chini zaidi, kwenye joto na mkandamizo, ambako mwamba unageuka bila kuyeyuka na kuitwa mwamba geu. Mshale wa tatu ulikwenda kwenye tanuri la magma, na wa nne ukapanda tena mlimani.

Somo liliendeshwa kwa Kifaransa, kama sheria ilivyotaka, lakini Mwanahamisi alipotaka jambo liingie vichwani alishukia Kiswahili. Watoto wa Kindu wamelelewa na honi ya treni. Basi aliwaambia miamba inasafiri kama treni ya kwenda kusini, kituo kwa kituo. Graniti ikitaka kufika kwenye mwamba geu, sharti ipitie kwanza kituo cha mchanga na kituo cha tabaka. "Treni haiwezi kuruka Kibombo," alisema, akitaja kituo cha njiani, na darasa zima lilirudia, miaka nenda miaka rudi, mpaka sentensi hiyo ikatoka shuleni na kuingia sokoni. Mtu akitaka kupenya foleni ya maji aliambiwa hivyo hivyo.

Mwanahamisi hakuwa na mume wala mtoto. Aliishi mtaa wa Mikelenge na mama yake, ambaye miguu ilikuwa imekataa kumbeba. Asubuhi alimwosha, akamketisha mlangoni, akaenda kazini. Mchana alirudi mbio kumgeuza upande wa kivuli. Nyumba ilikuwa ya shule, na yeye alikuwa mwalimu wa muda. Mwalimu wa muda anaweza kuhamishwa popote kwa kipande cha karatasi. Aliyethibitishwa habanduliwi kirahisi. Kwa sababu hiyo, mwaka ule iliposemwa kwamba inspekta anakuja kutoka Bukavu kuwasikiliza wanaongoja kuthibitishwa, Mwanahamisi alifua kitenge chake cha kazini mapema na kuanza kulirudia somo lake kichwani. Somo lilikuwa limepangwa: safari ya miamba, darasa la mwisho.

Jiwe lililovuruga mambo lililetwa na Safi.

Safi alikuwa msichana wa upande wa Pangi, ambako watu wanachimba bati. Alikaa kwa shangazi yake mjini na kusoma kama mtu anayekimbizwa. Baada ya kipindi alibaki nyuma, akafungua khanga, akatoa kipande cha jiwe kikubwa kama mkate.

"Mama mwalimu, hii baba alinipa. Nimeiangalia sana, hainiingie."

"Haikuingii nini?"

"Huku njo graniti. Uliona? Chembe kubwa, zimechanganyika kama mchele na maharagi. Sasa twende polepole huku." Alisogeza kidole. "Zinaanza kulala. Hapa zimelala zote, zimekuwa mistari, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Hii ya mistari si njo mwamba geu?"

"Ndiyo. Inaitwa gnaisi."

"Na hii ingine ni graniti. Jiwe ni moja. Sasa kituo cha mchanga iko wapi?"

Mwanahamisi alichukua jiwe. Alijibu kwamba huenda mchanga ulikuwepo zamani, ukasahauliwa. Alipotamka neno hilo aliona haya, mawe hayasahau. Safi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu inayouma kuliko kicheko.

"Niachie," Mwanahamisi alisema. "Nitakujibu."

Alikaa nalo nyumbani, mlangoni, karibu na mama yake. Akalilowesha maji, chembe zikang'aa. Upande wa graniti aliona nyeupe ya maziwa, kijivu cha kioo, na vigamba vyeusi vinavyometa. Upande wa mistari aliona vile vile vitatu, kwa kadiri ile ile. Akaligeuza tena kuhakikisha. Alijua mto unafanya nini. Aliishi kando ya Lualaba. Mto ungepewa graniti hiyo ungeichambua kama mwanamke anavyopepeta mchele: nyeupe ya maziwa ingeoza na kuwa udongo wa mfinyanzi, vigamba vyepesi vingeelea vikaenda mbali, na kioo kigumu peke yake kingebaki kuwa mchanga. Visingekutana tena vyote vitatu, kwa kadiri ile ile, jirani na ndugu zao ambao hawakutoka nyumbani. Jiwe hili halikupita mtoni. Lilikandamizwa na kupashwa joto papo hapo lilipokuwa. Treni ilikuwa imeruka Kibombo.

"Unaliangalia jiwe kama limekutukana," mama yake alisema.

"Limenitukana kweli, mama."

Akaenda kuiangalia picha upya. Chini ya duara kulikuwa na maelezo ya mishale. Mstari wa kwanza ulikuwa na kimshale cheusi na maneno yake. Wa pili ulikuwa na kimshale cha kijivu na maneno yake. Wa tatu ulikuwa na maneno tu: njia nyingine zinazowezekana. Mbele yake, mahali pa kimshale, palikuwa peupe. Miaka yote alidhani ni kichwa cha habari ambacho mpiga chapa alisahau kukimalizia.

Studio ya Bakari ilinuka dawa na samaki wa jirani. Bakari alimpokea kwa maneno kama kawaida yake.

"Dada Mwana. Umekuja kupiga picha ya harusi?"

"Nimekuja kukuuliza juu ya harusi yako wewe na ule ukurasa. Mishale ilikuwa ya rangi gani?"

Bakari alifikiri. "Nyekundu. Bluu. Na ile mingine midogo ya katikati, njano. Inakatiza katikati kama njia za panya."

"Njia za panya ziko wapi kwenye picha yangu?"

"Njano kwenye karatasi nyeupe, dada? Filamu yangu inaona weusi na weupe tu. Njano kwake ni nyeupe iliyochafuka kidogo tu. Imekwenda."

"Na hukuniambia."

"Uliniomba picha, hukuniomba rangi. Wewe mwenyewe hukuuliza."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake haukumsaidia. Bakari, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitafuta negativu kwenye makopo yake, akaichapa upya kwenye karatasi kali, ile inayotenganisha hata weupe na weupe. Kwenye sinia la dawa duara lilitokea kwanza, jeusi kama masizi. Kisha, ndani ya duara, vikatokea vivuli vyembamba: mshale kutoka mwamba moto moja kwa moja hadi mwamba geu, mshale kutoka mwamba geu kurudi kwenye mchanga, mshale kutoka mwamba tabaka kurudi kwenye mchanga ule ule, bila kuzama popote. Mwamba wowote uliweza kuwa mwamba wowote, ikitegemea kama umeinuliwa kwenye mvua, umezamishwa kwenye joto, au umeyeyushwa. Haikuwa reli. Ilikuwa soko, lenye milango kila upande.

"Wengine nao watataka hii mpya," Bakari alisema akiitundika ikauke.

"Wengine akina nani?"

"Wenye shule. Ile ya kwanza wengi waliinunua kwangu. Mmoja alitoka Bukavu kabisa, akasema ni ya ofisi. Nilimweleza na maneno yako ya treni, akacheka, akaandika."

Mwanahamisi hakulitia maanani. Alikuwa akiwafikiria wanafunzi wote aliokwisha kuwapandisha treni ile, na alichotaka ni kuanza na hawa waliopo. Siku chache baadaye alilipitia somo upya na darasa, picha mpya ubaoni, jiwe la Safi likizunguka mkono kwa mkono. Alisema wazi kwamba aliwafundisha vibaya. Wavulana wa nyuma walifurahi kuliko ilivyohitajika. Safi aliandika kila neno.

Asubuhi ya ukaguzi, baada ya bendera na nyimbo za chama, Mwanahamisi aliitwa na Musafiri, mkuu wa shule, au prefe kama walivyomwita, mtu mwema aliyekuwa amechoka. Alifunga mlango.

"Mama Mwanahamisi, nakuonyesha kitu, na ukiulizwa, sikukuonyesha. Hii njo karatasi ya inspekta. Atakusikiliza akiwa ameishika."

Ilikuwa karatasi ya stensili, wino wa zambarau, yenye muhuri wa ofisi. Duara. Mlima juu, mishale minne minene, katikati patupu. Na kwenye pembe ya chini, mchoraji, ambaye alinakili kila alichokiona kwa uaminifu, alikuwa amechora kilima kidogo cha mviringo chenye mstari uliopinda juu yake, na kwa kuwa kilima lazima kiwe na jina, alikuwa ameandika ubavuni: *mwamba*.

Ulikuwa ukucha wa mtawa.

Mwanahamisi alikaa bila kuambiwa akae. Chini ya mchoro, kwa Kifaransa kizuri, iliandikwa kwamba miamba hupita hatua zote kwa mpangilio usiovunjika, mfano wa treni na vituo vyake.

"Hii ni yangu," alisema. "Hii picha ni yangu, prefe. Hata makosa ni yangu."

"Basi mambo rahisi. Fundisha ya kwako."

"Si kweli iliyoandikwa hapa."

"Nimekuuliza kama ni kweli?" Musafiri aliongea bila ukali. "Mama yako yuko Mikelenge, hatembei. Toa ile picha mpya ubaoni, weka ya zamani, sema treni, uthibitishwe. Mwezi ujao warudishie watoto mishale yao yote, hata mia. Nani atakuja kuangalia?"

Alikuwa na haki. Mwanahamisi alitembea kwenye baraza akijiambia kwamba mkuu ana haki. Aliingia darasani akiwa amekwisha kukata shauri la kusema treni. Picha ya zamani ilikuwa mkononi. Lakini jiwe lilikuwa juu ya meza yake. Safi alikuwa ameliweka hapo mapema, limeoshwa, upande wa mistari ukitazama darasa. Wanafunzi wote walikuwa wakimngoja mwalimu wao arudie yale aliyowasahihishia. Akaiacha picha mpya palepale ilipokuwa.

Inspekta, citoyen Tambwe, yaani raia Tambwe kama serikali ilivyotaka watu waitwe, aliketi nyuma, abakosti, koti lisilo na tai, imefungwa mpaka kooni, karatasi ya zambarau magotini. Mwanahamisi alifundisha vizuri. Labda alikuwa hajawahi kufundisha vile. Alionyesha graniti, akaonyesha chembe zinavyolazwa na mkandamizo, akaeleza kwa nini mto usingeweza kutengeneza mistari ile kutokana na mchanga wake. Alifuata mishale hafifu kwa ncha ya fimbo, mmoja mmoja. Inspekta hakuandika. Alikuwa akitazama karatasi yake, kisha ubao, kisha karatasi, kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Mwisho alisimama.

"Citoyenne, hii mishale ya katikati umeitoa wapi?"

"Ilikuwepo kwenye kitabu, citoyen inspekta. Picha ya kwanza haikuionyesha kwa sababu ilikuwa ya njano."

"Ya njano." Alilirudia neno taratibu, na mtu mmoja nyuma akacheka. "Mimi nina mchoro wa ofisi. Hauna njano. Unatumika mkoa mzima."

"Mchoro wa ofisi ulitoka kwangu."

Alijua papo hapo kwamba sentensi hiyo, iliyo ya kweli kuliko zote alizosema siku ile, ndiyo iliyomharibia. Inspekta alitabasamu kwa upole.

"Ofisi ya Bukavu imejifunza jiografia kwako."

"Angalia pembeni chini. Kile si kilima, ni kidole cha—"

"Citoyenne, keti."

Hakuketi. Inspekta akaligeukia darasa. "Wanafunzi hawadanganyi. Tuone nini kimebaki kichwani mwao." Macho yake yalipita kwenye madawati, yakasimama kwa yule aliyekuwa na daftari lililojaa. "Wewe, citoyenne. Simama. Graniti inaweza kuwa mwamba geu bila kuwa kwanza mchanga na tabaka?"

Safi alisimama. Mwanahamisi alishusha pumzi. Katika wanafunzi wote alikuwa amechaguliwa huyu, mwenye jiwe, mwenye swali.

Safi alilitazama jiwe mezani. Kisha akaitazama karatasi ya zambarau mkononi mwa inspekta, akaitazama kwa makini, kama anavyotazama kila kitu.

"Hapana, citoyen inspekta," alisema. "Inapita kituo kwa kituo. Treni haiwezi kuruka Kibombo."

"Umeona," inspekta alimwambia Mwanahamisi. "Kumbe uliwahi kuwafundisha vizuri."

Barua ilikuja kabla ya mvua kwisha. Hakuthibitishwa: anaacha muhtasari wa ofisi na kuwachanganya wanafunzi. Anahamishiwa shule ya msingi katika eneo la Kibombo, kufundisha darasa la pili kusoma na kuandika. Nyumba ya Mikelenge irudishwe. Musafiri alimletea barua mwenyewe, akakaa kidogo mlangoni, akamwuliza mama mzee kuhusu miguu.

Mama hakuweza kusafiri kwa treni. Alibaki kwa binamu mmoja huko Kasuku, mtaa mwingine wa Kindu, ambaye alikubali kwa mdomo tu. Macho ya binamu huyo yalikuwa yamekwisha kuchoka kabla mgonjwa hajafika.

Safi alimkuta Mwanahamisi stesheni, juu ya mizigo, akingoja behewa. Alisimama mbali kidogo kwanza. Kisha akasogea na kupiga goti, kama wasichana wa kwao wanavyosalimu wakubwa.

"Mama mwalimu. Umenikasirikia?"

"Ulijibu nini, nikukasirikie?"

"Nilijibu uongo. Karatasi ya inspekta njo itatusahihishia mtihani, mama. Nilifikiri, nikisema ya jiwe, tutaanguka wote wawili. Baba amechimba miaka yote nipate hii diplome."

Mwanahamisi alitaka kumwambia kwamba angeweza kunyamaza, kwamba hata kunyamaza kungetosha. Lakini yeye mwenyewe aliingia darasani siku ile akiwa amekwisha kukubali kusema treni, na kilichomzuia hakikuwa ujasiri wala elimu. Alizuiliwa na aibu, mbele ya msichana huyu huyu.

"Ulikuwa makini," alisema. "Nilikufundisha kuwa makini." Haikuwa sifa, na Safi alijua.

"Mambo ya jiwe ninayajua, mama. Iko kichwani."

"Yaache kichwani. Huko hakuna ukaguzi."

Msichana akafungua khanga. Jiwe lilikuwemo, bado safi, bado nusu hivi na nusu vile. "Sikutaka libakie kule. Walitaka kulitupa nje."

Mwanahamisi alilipokea. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka, na hakuwa na mahali pa kulitia isipokuwa kikapu cha vyombo, kati ya sufuria na birika. Treni ilipiga honi, ikakaa saa nyingi bila kuondoka, kisha ikaondoka.

Huko Kibombo jiwe linazuia mlango wa darasa la pili usipigwe na upepo. Watoto hulikalia wakati wa mapumziko. Hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Safi alipata diploma yake mwaka ule. Habari zililetwa na mwuza mchele, ambaye alisikia kwa shangazi wa Safi. Mwanahamisi alimwuliza jambo moja tu: mtihani uliwauliza nini kuhusu mawe. Mwuza mchele hakujua, lakini alirudi safari nyingine na jibu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza ahadi ndogo.

Walikuwa wameulizwa juu ya mito, na juu ya miji mikuu. Swali la mawe halikutoka.